Benchi la Está

Jambo lenyewe lilitugharimu nafasi tatu katika behewa lisilo na paa, cherehani moja ya mkono, na majuma ambayo dada yangu mkubwa alikula nami chungu kimoja bila kunitazama usoni. Nimehesabu mara mbili, kama ninavyohesabu kila kitu, na mara zote mbili hesabu imetoka ileile. Upande wa pili wa mizani kuna maneno mawili ya Kihispania, na mtoto mmoja.

Kihispania kilinifikia kwa mlango wa jikoni. Pale parokiani Kolwezi walikuwapo watawa wawili kutoka Uhispania. Mmoja alikuwa mzee aliyekaa kwetu miaka mingi, akisema Kiswahili cha mtaani na kubishana bei bila haya hata kidogo. Mwingine alikuwa muuguzi kijana aliyefika juzijuzi na Kifaransa kidogo cha kuombea maji. Mimi niliwapelekea makayabu, yaani samaki wa chumvi, na maharage, na sabuni ilipopatikana. Nikitaja bei, wao waligeukiana, wakasemezana kwa lugha yao, kisha yule mzee akanirudia kwa Kiswahili na bei iliyokatwa miguu. Mimi nimezaliwa sokoni. Naweza kuvumilia mteja mkali, mteja mwongo na mteja anayenusa samaki kama anatafuta mume aliyepotea. Ila biashara ambayo nusu yake inafanyika nyuma ya pazia, hiyo hapana.

Mchana, yule mtawa mzee, masœur kama tulivyowaita masista, aliwafundisha Kihispania mabinti waliotaka kuingia utawa. Nikamwomba nikae nyuma. Aliniita tata, yaani baba, kama alivyomwita kila mwanamume.

"Na weye, tata, unataka kuwa masœur?"

"Hapana, masœur. Mi nataka tu kusikia munasema nini juu ya samaki yangu."

Alicheka mpaka akavua miwani. Akanipa kiti.

Ukuta wa kwanza tulioupiga kwa paji la uso ulikuwa huu: Wahispania wana vitenzi viwili mahali ambapo Kifaransa kina kimoja. Kuna ser na kuna estar. Ser ni kwa kile kitu kilicho: aina yake, rangi yake, kazi ya mtu, kwao mtu, tabia yake. Estar ni kwa hali ambayo kitu kimekutwa nayo: mgonjwa, amechoka, mlango uko wazi, chakula kimeiva. Na estar ndiyo inayoonyesha mahali kitu kilipo. Hapo niliinua mkono. Niliuliza mlima nao unapewa estar kwa sababu gani, wakati mlima hautembei.

"Usipigane na lugha," alisema. "Mahali, sema está. Hata mlima. Kolwezi está en Zaire. Umeelewa?"

"Nimekubali, masœur. Kuelewa kutafuata."

Sisi wa Kolwezi tulikuwa na ugonjwa wetu wenyewe katika jambo hili, na sidhani kama unapatikana kwingine. Vitabu vya Kiswahili vina "ni" na vina "yuko", kila kimoja na kazi yake. Lakini midomo yetu imeliweka lile "-ko" kila mahali. Niko Kolwezi, niko mugonjwa, niko fundi, eko mufupi, eko mutoto ya fulani. Kwa hiyo tulipopewa estar tuliipokea kama ndugu aliyerudi safarini, tukamkalisha kwenye kila kiti. Mimi nilisimama darasani nikatangaza: yo estoy comerciante. Niko mfanyabiashara.

Mtawa mzee alinitazama kwa huruma. "Biashara imekupata kama homa? Kesho utapona?"

"Masœur, kwa hali ya nchi hii, inaweza kupona yenyewe."

"Hata ukikosa cha kuuza. Soy comerciante. Hiyo ni kazi yako, ndicho ulicho."

Nilielewa kwa njia ya samaki. Siku moja pale mlangoni nilimsikia yule muuguzi kijana akimwambia mwenzake, el pescado está caro. Samaki ni ghali sasa, kwa leo, kuna jambo limempata. Maana yake watasubiri bei ishuke. Wiki nyingine akasema, el pescado es caro. Samaki ni kitu ghali, ndivyo alivyo. Maana yake wameshahama moyoni na kwenda kwenye maharage. Tangu hapo nikisikia está nilikaza bei bila wasiwasi, kwa kuwa mteja bado yuko. Nikisikia es nilishusha mara moja. Sikuwahi kupata chombo cha biashara kizuri kama hicho, na wao hawakujua kwamba wamenipa wenyewe.

Kisha kukaja ule wakati.

Kampuni ya madini ilikuwa imeanza kufa taratibu. Mishahara ilichelewa, halafu ikaja nusu, halafu ikaja ahadi. Mashimo yakajaa maji. Pesa mkononi zilikuwa zikipungua nguvu kati ya asubuhi na jioni, na watu walianza kutafuta nani amewala. Wakatupata sisi. Baba zetu walitoka Kasai, waliletwa na kampuni yenyewe kuchimba shaba. Sisi tulizaliwa katika hospitali ya kampuni, tukasoma shule za kampuni. Darasani kwa mtawa mzee nilikuwa nimekariri swali na jibu: ¿De dónde eres? Soy de Kolwezi, yaani kwenu ni wapi, kwetu ni Kolwezi. Yeye hakuwahi kunisahihisha. Vijana waliokuja na filimbi na matawi mkononi ndio walionisahihisha: wewe ni wa Kasai, rudi kwenu. Mmoja wao nilikuwa nikimkopesha sabuni.

Tukajikuta maelfu ya watu, wengine stesheni, wengine katika ua wa shule ya parokia, tumekaa juu ya magodoro yaliyokunjwa tukingoja treni ya kwenda nchi ambayo wengi wetu hatukuwahi kuiona. Sijui kama kuna kungoja kunakochosha kama kungoja kitu usichokitaka. Kila saa uvumi: treni imetoka Dilolo, treni haina mafuta, treni iko Musonoi inageuza. Watu walifunga mizigo, wakafungua, wakafunga tena. Hata waliolala walilala na viatu.

Yule mtawa mzee alikuwa amepelekwa Ulaya kwa ajili ya macho yake. Akabaki muuguzi kijana, na chumba kimoja cha dawa, na msitari wa wagonjwa uliozunguka kanisa. Wasichana aliowafundisha mwenzake walikuwa wametawanyika, wengine walikuwa juu ya magodoro kama sisi. Siku moja akanikuta nikiuza makayabu ya mwisho karibu na bomba la maji, akanishika mkono wa shati.

"Tú," alisema. "Ven." Wewe, njoo.

Hivyo nikawa mdomo wake. Malipo yalikuwa sahani ya maharage, pengine maharage niliyowauzia mwenyewe.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Katika treni zilizotangulia watu wengi walikufia njiani, hasa watoto, kwa jua na kiu. Watu wa reli wakasema hawatapandisha tena mgonjwa. Kila familia ilipaswa kupita kwa muuguzi kwanza. Aliyeonekana mzima alipakwa alama ya dawa ya zambarau mkononi, akaenda. Aliyeonekana kuwa na jambo alikalishwa kwenye benchi refu chini ya ukuta wa kanisa, akatibiwa, akangojea treni nyingine, kama ingekuja. Na kwa kila mtu aliyemtilia shaka, muuguzi aliniuliza swali lilelile:

"¿Es así o está así?"

Ndivyo alivyo, au ndivyo alivyo sasa? Kwa sababu alikuwa mgeni. Alimwona mtu mwembamba asijue kama ni mwembamba wa ukoo au amekonda juzi. Alimwona mtoto mpole asijue kama ni upole au ni nguvu zimemwisha. Sisi tunaofahamiana tunajua bila kufikiri. Yeye ilimbidi aulize, na akanunua jibu kwangu.

Siku ya kwanza niliharibu. Alipita mzee mmoja anayechechemea, fundi wa umeme, mguu mmoja mfupi tangu kuzaliwa. Muuguzi akauliza. Mimi, na ule ugonjwa wetu wa "-ko", kichwani nikasema "eko kilema", mdomoni ikatoka: está cojo. Maana yake kwa Kihispania amepata kitu mguuni, anachechemea kwa sasa. Muuguzi akamkalisha kwenye benchi, akapandisha mguu wa suruali yake mpaka gotini, akaanza kumbonyeza kutafuta jeraha, mwiba, mfupa uliovunjika.

"Mama huyu anatafuta nini mu muguu yangu?" mzee aliniuliza.

"Anatafuta fasi inaumia, tata."

"Haiumie! Mi njo niko vile toka tumbo ya mama! Mwambie muguu hii ilitembea yeye hajazaliwa!"

Watu kwenye msitari walicheka kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi. Nikamwambia muuguzi, es cojo, es cojo, de nacimiento, tangu kuzaliwa. Akamshushia suruali kwa heshima, akampaka zambarau. Kisha akanigeukia, bila hasira, akanifafanulia kwa maneno machache na mikono mingi. Nisipime kwa urefu wa muda. Baba yake mwenyewe kule kwao alikuwa mgonjwa miaka na miaka, na bado walisema está enfermo, kwa kuwa ugonjwa ulimkuta, haukuwa yeye. Nipime kwa swali moja: je, hili ndilo umbo la mtu huyu, au ni kitu kimemkuta?

Hapo nikawa tayari. Hiyo ni kazi ya sokoni. Muuzaji wa viatu atakwambia ngozi imelowa tu, itakauka, wakati ni karatasi. Muuzaji wa ndizi atakwambia ni za aina ya kijani, kumbe hazijaiva. Kila muuzaji duniani anajaribu kuhamisha kasoro kutoka sanduku moja kwenda jingine, na mnunuzi mwenye akili haulizi kitu kikoje. Anauliza jana kilikuwaje.

Tena kule kwenye ua wa shule walinihamishia kasoro kwa kasi ambayo sijaiona sokoni. Kwa maana watu hawakukawia kujifunza. Ndani ya siku chache msitari mzima ulijua Kihispania chote ulichohitaji: es ni treni, está ni benchi. Watoto walicheza mchezo wake, mmoja mtawa, mwingine mimi. Watu wazima waliniita Tata Es wakinipenda na Tata Está wakinichukia, na nilibadilishwa jina mara nyingi kati ya uji na maharage. Mama mmoja alileta kijana anayetetemeka kwa homa akasema ni mtu wa kutetemeka, hata babu yake alitetemeka. Mwingine alisema macho ya njano ya mtoto wake ni ya ukoo wao.

"Macho ya njano ya ukoo mzima, mama?"

"Toka zamani, tata. Bote."

"Na ya kwako mbona nyeupe?"

"Mi nilitoka kwa ukoo ingine. Sema es, tata, Mungu atakubariki."

Niliahidiwa kuku, kitenge, na binti wa kuoa. Sikuuza. Wala si kwa utakatifu. Mtu anayelala katika soko lilelile analouzia hapunguzi mizani, maana atalala pembeni ya mteja wake.

Hapo ndipo akafika yaya.

Yaya kwetu ni dada mkubwa, na huyu ni dada yangu wa kwanza, mwenye mkono mzito na neno fupi. Alikaa Musonoi, karibu na mashimo, na mume wake aliyekuwa dereva wa magari makubwa ya mgodi mpaka magari yalipokosa mafuta na vipuri. Walikuwa na wavulana wawili wakubwa na msichana mmoja wa mwisho. Nyumba yao ilikuwa imechukuliwa wiki iliyotangulia, na walilala nje, huko na huko, kabla ya kufika parokiani. Tulikuwa tumepatana tusafiri pamoja. Shemeji alikuwa amepata nafasi sita katika behewa moja, kona nzuri yenye ukuta wa kukinga upepo. Alikuwa ameshapandisha vyungu na cherehani, na alikuwa ameketi juu yake asiibiwe. Safari hii haukuwa uvumi. Kichwa cha treni kilikuwa kimeshafika, tulisikia kikipumua.

Yaya alikuja msitarini na wavulana wawili mbele, na msichana mgongoni. Wavulana wakapakwa zambarau, wakakimbilia kwa baba yao. Muuguzi akamtazama msichana. Akamshika kidevu. Mtoto hakuzuia, hakusogea, hakulia. Alitazama mahali fulani kati ya muuguzi na ukuta.

"Está muy callada," muuguzi alisema polepole, kama anayejisemea. Kisha akanigeukia. "¿O es callada? ¿Es así o está así?"

Amenyamaza sana. Au ni mtu wa kimya?

Yaya hakuhitaji tafsiri. "Njo vile eko," alisema, yaani ndivyo alivyo. "Mukimya. Kama baba yake."

Shemeji yangu kweli ni mkimya. Ungeweza kuendesha naye mpaka Lubumbashi ukadhani uko peke yako. Uwongo ulikuwa umekatwa kwa nguo nzuri. Lakini mtoto huyu mimi nilikuwa namjua. Kila Jumamosi aliletwa akae nami kwenye meza yangu ya sokoni, na kazi ilikuwa kumnyamazisha. Aliiga wateja, aliiga mimi nikiiga wateja. Aliwahi kuniuliza mbele ya mnunuzi aliyekuwa ameshatoa pesa mfukoni, "Mjomba, hii samaki ilikufa mara ngapi?" Mnunuzi alirudisha pesa. Huyo ndiye mtoto aliyekuwa mgongoni mwa dada yangu akitazama hewa.

"Yaya," nilisema, "toka lini?"

"Toka lini nini? Amechoka. Sisi bote tumechoka."

"Anakula?"

"Utakula nini weye kama hakuna? Sema es."

Nyuma yetu msitari ulianza kusukumana. Treni ilipiga king'ora. Mtu akapaza sauti, "Tata Es, unangojea nini? Njo ndugu yako!" Mwingine akajibu, "Kwa bandugu anapima mara mbili!" Wengine wakaanza kuimba kama mpirani, es, es, es, na watoto wakapiga makofi. Muuguzi hakuelewa wimbo. Au alielewa, na aliendelea kunitazama tu.

Yaya alinisogelea sikioni. Hakupandisha sauti, na hapo ndipo nilipoogopa.

"Bwana yangu eko kule juu. Batoto yangu beko kule juu. Kama treni inaenda na mi niko hapa, nitabaona wapi? Unajua Kasai iko namna gani? Hata weye haujui. Ni neno moja, mudogo. Mi nilikubeba mugongoni kama huyu."

Ni kweli alinibeba. Nilitafuta njia ya tatu, kama mtu wa bei. Nilifikiri kumwambia muuguzi kwamba ni mkimya kiasi, kwamba ni mkimya ila sasa amezidi. Maneno yangu ya Kihispania hayakutosha kwa udanganyifu wa namna hiyo. Yalitosha kwa moja kati ya mawili tu. Nikamtazama mtoto tena. Kulikuwa na nzi kwenye kona ya jicho lake, na jicho halikupepesa.

"Está," nilisema. "Está callada. No es así. Habla mucho." Huongea sana.

Muuguzi tayari alikuwa anamfungua mtoto kutoka mgongoni, na yaya alikuwa ameshikilia ncha ya kitenge, akivuta. Walivutana hivyo, wanawake wawili. Kisha yaya akaachia. Hakunipiga, ingawa nilikuwa nimeshaliandaa shavu. Alikaa kwenye benchi la está kama mtu aliyekatwa kamba.

Nilikimbia stesheni. Nilimkuta shemeji juu ya cherehani, wavulana pembeni, behewa limejaa mpaka watu wanapumua kwa zamu. Nikampigia kelele kutoka chini kwamba mtoto amezuiliwa, ashuke. Akatazama mizigo, akatazama wavulana, akatazama bahari ya watu kati yake na mlango.

"Nikishuka hatupandi tena," alisema. Kwa mtu wa kimya ilikuwa hotuba. "Fasi hii nilipigania. Ubaki nabo. Nitabangoja kule."

"Kule wapi, shemeji?"

Alifungua mdomo. Nadhani alikuwa anatafuta jina la mji. Treni ikavuta, watu wakaangukiana, na sikusikia alichosema.

Msichana alikuwa na malaria, na maji yalikuwa yamemwishia mwilini. Muuguzi alinionyesha ngozi ya tumbo lake: ukiibana inabaki imesimama kama kitambaa kilichokunjwa. Alinionyesha pia rangi nyeupe ndani ya kope. Katika behewa la wazi, alisema, asingefika hata Kamina, mji wa katikati ya njia. Nilimtafsiria yaya. Yaya alimpa mtoto maji ya chumvi na sukari kwa kijiko, kijiko baada ya kijiko, mchana kutwa, na kila nilipotaka kumpokea kijiko alikihamishia mkono mwingine.

Siku zikawa zinatembea vibaya, kama mtu anayezunguka chumba. Niliendelea na kazi yangu ya mdomo, kwani treni nyingine iliahidiwa na msitari ulirudi pale pale. Jina la Tata Es lilikufa. Watu walipofika mbele yangu walinishushia macho na kusema ukweli, jambo lililonitisha zaidi ya matusi. Mama wa macho ya njano alinirudia mwenyewe akamketisha mtoto kwenye benchi kabla sijaulizwa. "Kama alifanyia dada yake vile," alimwambia jirani yake, nami nikisikia, "kwako atahurumia nini?" Sikujua kama ni sifa.

Kila asubuhi muuguzi alinipita akauliza, ¿cómo está la niña? Mtoto anaendeleaje? Hakuna aliyeuliza cómo es. Nilimjibu está igual, yuko vilevile. Está igual. Siku moja nikasema está peor, amezidi, na sitaki kuiandika siku hiyo. Halafu homa ikashuka. Halafu akakamata kikombe mwenyewe. Bado hakusema neno, na mimi nikaanza kuwa na wasiwasi mwingine: kwamba labda hali nayo ikikaa sana inageuka umbo, na hakuna mtawa aliyenionya kuhusu hilo.

Ilikuwa mchana, jua kali, nimekaa mwisho wa benchi nikila sahani yangu. Mtoto alikuwa amelala kifuani kwa mama yake, macho wazi. Akatazama sahani. Akanitazama mimi. Akasema kwa sauti ya kukwaruza:

"Mjomba anakula sana. Hafanye hata kazi."

Yaya aliinamisha kichwa akacheka, kicheko kikamvunjikia katikati kikawa kitu kingine. Muuguzi alikuja mbio akidhani kuna mtu amekufa. Nikamwonyesha mtoto kwa kijiko. Kufika jioni mtoto alikuwa ameshamwiga muuguzi anavyotembea na sindano yake, ameshawaiga na wauza maji, na watu wa benchi wakaniomba nimnyamazishe.

Ungedhani hapo hesabu ilifungwa. Haikufungwa. Treni nyingine iliingia stesheni keshokutwa yake, mabehewa ya wazi kama ile ya shemeji. Kuhusu treni ya shemeji tulikuwa na habari mbili. Mtu mmoja aliapa kwamba ilifika. Mwingine aliapa kwamba ilikwama Kamina na watu waliteremshwa, wengine wakatawanyika. Nilimuuliza kila mmoja mara mbili, na kila mmoja aliapa mara mbili. Wakati huohuo vijana wa filimbi walikuja langoni kusema kwamba ua wa shule uachwe wazi, hawataki kuona godoro hata moja.

Nilimpeleka muuguzi kwa mtoto, nikamwomba aseme neno moja, kama mimi nilivyoombwa. Akamkagua kope, akabana ngozi, akasikiliza kifua. Está mejor, alisema. Ana nafuu. Pero está débil todavía. Bado ni dhaifu. Kama kuna maji njiani, labda. Kama hakuna, hajui. Alinikabidhi dawa zilizofungwa kwenye karatasi, akasimama akingoja tumwambie tumeamua nini, mikono ikiwa mfukoni mwa aproni, na niliona kwamba alikuwa mdogo sana kwa umri.

Nilitafsiri yote, bila kuongeza wala kupunguza. Yaya alikuwa amemfunga mtoto mgongoni tayari, lakini alikuwa bado ameketi. Kule stesheni watu walikuwa wameshaanza kupiga kelele za kupandishana. Aligeuka, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile akanitazama usoni.

"Mudogo," alisema, "siku ile haukuniuliza, ulisema tu. Leo mi njo ninakuuliza. Tupande, ao tubakie?"